Friji iliyonuka shombo kila saa nane mchana: uchambuzi wa kisa kimoja cha harufu jikoni

## Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye nyumba ya kupanga katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa na aina ya friji nimeviondoa. Mimi hufanya usafi wa majumbani, na niliitwa harufu ilipokuwa imeshakaa zaidi ya wiki mbili na kila jirani ameshatoa dawa yake.

Jiko lenyewe ni dogo na lina dirisha moja. Friji imesimama kwenye kona, na ubavuni mwake, karibu kabisa, ipo ndoo ya taka ya kukanyaga kwa mguu. Friji ni ya milango miwili, friza ikiwa juu, ya aina isiyojaza barafu ukutani. Aina hii ina feni ndani inayozungusha hewa ya baridi, na barafu inayoganda kwenye koili huyeyushwa yenyewe mara kwa mara. Maji yake hushuka kwa bomba jembamba hadi kwenye trei iliyoko nyuma, juu ya kompresa, na joto la kompresa huyakausha. Wenye friji za namna hii wengi hawajawahi kuiona hiyo trei, kwa sababu haionekani mpaka friji ivutwe kutoka ukutani.

Familia ilisafiri kwenda msibani bara. Walipokuwa huko, uniti za umeme wa LUKU zikaisha na nyumbani hakukuwa na mtu wa kuongeza. Friza ilikuwa na vibua, kamba na kilo kadhaa za nyama ya ng'ombe. Chini kulikuwa na mtindi na nazi iliyokunwa. Waliporudi, baada ya karibu wiki nzima, hata mlango wa nyumba ulipofunguliwa walijua.

## Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza walifanya jambo la maana kuliko yote: walitupa kila kitu. Chakula kibichi kilichokaa kwenye joto kwa siku kadhaa hakiokolewi kwa kukipika sana, na hakuna aliyejaribu. Kisha friji ikaoshwa kwa sabuni ya maji, ikafutwa, umeme ukawashwa.

Siku mbili hivi jiko likatulia. Halafu shombo ikarudi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja alisema waweke beking pauda kwenye kikombe, wakaweka. Mwingine alisema mkaa, na dada wa kazi akachukua vipande viwili vikubwa kutoka kwenye gunia la barazani akaviweka kwenye droo ya mboga. Wakafuta ndani kwa siki, wakapulizia manukato ya chumbani. Kila jambo lilisaidia kidogo, kwa muda mfupi. Manukato ndiyo yaliharibu zaidi, maana sasa maji ya barafu yalikuwa na ladha ya waridi na samaki kwa pamoja.

Akaitwa fundi. Akanusa, akasema gesi inavuja, ijazwe upya, akataja bei. Mama wa familia hiyo alisita, na alikuwa na sababu nzuri: friji ilikuwa inagandisha kama kawaida. Friji iliyovuja gesi hupoteza baridi kwanza, na gesi ya friji hainuki samaki aliyeoza.

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, nilimuuliza mama harufu inazidi saa ngapi.

"Mchana, mwanangu," akasema. "Asubuhi afadhali. Ikifika saa nane, ukipita tu hapo inakukaba."

"Hata mlango wa friji ukiwa umefungwa?"

"Umefungwa kabisa."

Dada akaongeza, "Mimi naisikia zaidi nikifagia kule nyuma."

Majibu hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko unga wote uliokuwa umetiwa kwenye vikombe. Harufu inayotoka ndani ya friji hukupiga usoni unapofungua mlango, kisha hupungua. Harufu inayosikika mlango ukiwa umefungwa, na inayozidi mchana kompresa inapofanya kazi sana na kuwa ya moto, ina chanzo nje ya kabati la friji.

## Kutafuta chanzo

Tatizo la jiko hili lilikuwa kwamba ndoo ya taka nayo ilinuka, na ilikuwa pembeni ya friji. Pua haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo sehemu moja, na pua iliyokaa kwenye uvundo kwa dakika chache huacha kuusikia kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusafisha chochote, nilitaka kwanza kuvitenganisha.

Tulitoa ndoo ya taka nje, pamoja na mfuniko wake, ikalala uani usiku huo. Dirisha la jiko na mlango vikafungwa. Asubuhi aliyeingia kunusa alikuwa kijana wa nyumba ya pili, ambaye hakulala kwenye harufu ile. Akasema ule uchachu aliokuwa akiusikia jana haupo, ila shombo ipo, na ipo kule kwenye kona. Basi tulikuwa na vyanzo viwili. Ndoo ilikuwa inatoa harufu ya kuchacha, na kwenye friji kulikuwa na jambo jingine.

Kwa ndani ya friji nilitumia kipimo cha karatasi. Unachomoa friji kwenye soketi, unatoa kila kitu, unachukua karatasi laini ya jikoni, unailowesha kwa maji ya moto na kuikamua. Kila sehemu unaifuta kwa karatasi yake: mpira wa mlango, rafu, ukuta wa nyuma, chini ya droo ya mboga, sakafu ya friza. Kisha unatoka nje na kunusa moja moja. Maji ya moto huamsha harufu iliyoshika kwenye plastiki, na kwa kunusia nje unaipa pua nafasi.

Karatasi za rafu hazikunuka kitu. Ya mpira wa mlango ilitoka na weusi wa ukungu na harufu kidogo. Ya chini ya droo za mboga ilinuka sana, na hapo palikuwa na maji ya kahawia yaliyosimama kwenye mfereji mdogo wa ukuta wa nyuma. Mfereji huo una tundu la kutolea maji, na tundu lilikuwa limezibwa na punje za wali na utando mzito. Maji yalikuwa yanashuka kidogo kidogo tu.

Ndipo tukaivuta friji. Kwa bisibisi nikafungua kifuniko cha chini nyuma, na trei ikaonekana juu ya kompresa. Ndani yake kulikuwa na ute mweusi mzito wa kina cha kidole, umekauka pembezoni kama uji uliosahauliwa sufuriani, na funza wachache wanatembea. Barafu ya friza ilipoyeyuka wakati umeme haupo, maji ya vibua, kamba na damu ya nyama yalifuata njia ile ile ya maji ya kawaida, yakaishia hapa. Kila mchana kompresa ilipopata moto, ilikuwa inaupasha ute huo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotumia dawa ya kupaukisha, ile tunayoiita jiki. Mama alikuwa nayo mkononi tayari. Lakini friji ilikuwa imefutwa kwa siki, na nilikuwa na nia ya kutumia siki tena. Jiki ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na kwenye jiko lenye dirisha moja hilo si jambo la kujaribu. Ukitaka kutumia jiki, itumie peke yake, iliyozimuliwa kwa maji mengi, na kama kitu kingine kilitangulia, suuza kwanza kwa maji mengi.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio: asidi kwanza, beking soda baadaye. Hapa watu wengi huchanganya mambo. Shombo ya samaki wa baharini hutokana zaidi na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza samaki anapoharibika. Hiyo ina tabia ya alkali. Siki au ndimu huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Ndiyo maana hata jikoni samaki hupakwa ndimu. Beking soda nayo ni alkali hafifu, kwa hiyo juu ya shombo tupu haina nguvu kubwa. Nguvu yake ipo kwenye harufu za asidi: mtindi uliomwagika, nazi iliyochacha, matunda yaliyovunda. Friji hii ilikuwa na aina zote mbili.

Kwa hiyo trei ilichomolewa, ute ukakwanguliwa kwa kipande cha boksi na kuzikwa uani, si kumwagwa kwenye sinki. Trei ikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, ikalowekwa kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa muda wa kunywa chai, ikasuuzwa. Juu ya kompresa palifutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, friji ikiwa bado imechomolewa, bila kugusa nyaya.

Tundu la maji tulilizibua kwa mrija laini wa plastiki. Waya haufai, unaweza kutoboa au kuchomoa bomba lililo ndani ya ukuta. Baada ya hapo nikachukua bomba la sindano lisilo na sindano na kupitisha maji ya uvuguvugu yenye siki, kisha maji matupu, huku dada ameshika tochi nyuma akiangalia. Kipimo ni rahisi: maji unayotia juu lazima yatokee kwenye trei. Yasipotokea, bado pameziba. Yakitokea pembeni ya trei, bomba limetoka mahali pake.

Ndani ya friji na friza tulifuta kwa siki, tukasuuza, kisha tukarudia kwa beking soda: vijiko vikubwa viwili kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Mikunjo ya mpira wa mlango ilisuguliwa kwa mswaki wa zamani. Droo na rafu zilikaa uani juani zikiwa zimekauka, na milango ya friji ikaachwa wazi usiku kucha bila umeme. Watu huruka hatua hii kwa haraka ya kurudisha chakula. Unyevu ukifungiwa ndani, ukungu hurudi.

Asubuhi ndipo mkaa na beking soda vikaingia, kwa ajili ya mabaki yaliyokuwa hewani na kwenye plastiki. Beking soda tulimwaga kwenye sahani pana mbili, tabaka jembamba, moja chini na moja kwenye friza. Mkaa ulikuwa ule ule wa gunia, ila safari hii tulichagua vipande vilivyoiva vizuri, vinavyolia vikigongana, tukaacha vyenye kiini cha kahawia, kwa sababu hivyo bado ni kuni na vina harufu ya moshi. Tukavipondaponda hadi ukubwa wa punje za mahindi, tukapepeta vumbi, tukakausha juani siku nzima, tukagawa kwenye vifuko viwili vya kitambaa chepesi. Kila kifuko kilikuwa na konzi mbili tatu. Viliwekwa karibu na matundu ya hewa ya feni bila kuyaziba.

## Ndoo ya taka

Ndoo ya kukanyaga ina ndoo mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ilikuwa inaoshwa kila wiki. Ya nje haikuwahi kuguswa. Miiba ya samaki ilikuwa inatoboa mfuko, maji yanashuka hadi ndoo ya ndani, na ndoo hiyo nayo ilikuwa na ufa mdogo chini. Kati ya ndoo hizo mbili kulikuwa na maji machafu kiasi cha kikombe, na juu yake mfuniko unaofunga vizuri. Humo hewa haiingii, na taka zinazooza bila hewa hunuka vibaya kuliko zilizo wazi.

Tulizitenganisha, tukaosha zote mbili kwa sabuni na maji ya moto, tukasugua mfuniko na bawaba yake, tukazianika juani zikiwa zimepinduliwa. Ufa ulizibwa. Ndani ya ndoo ya ndani, chini kabisa, tukaweka magazeti na juu yake beking soda kiasi cha konzi moja, kisha mfuko. Kwa ndoo ya taka beking soda inafaa kuliko kwenye friji, kwa sababu harufu yake nyingi ni ya uchachu, na unga wenyewe unagusana na maji yanayovuja badala ya kungoja hewa iupitie.

## Matokeo

Harufu ya nyuma ya friji iliisha siku ile ile trei ilipotolewa. Ndani ilichukua siku nne. Tulipima kwa siagi: kipande kidogo kwenye kisosi, bila kufunikwa, usiku mmoja. Mafuta hushika harufu haraka, kwa hiyo siagi ikiamka na ladha ya samaki, bado kazi ipo. Ya siku ya pili ilikuwa na shombo. Ya siku ya nne haikuwa nayo.

Barafu yote ya zamani ilimwagwa, na trei za mpira za kugandishia barafu zilitupwa baada ya kuoshwa mara mbili bila mafanikio. Bakuli moja la plastiki lililokuwa na kamba nalo likaenda.

Upande wa taka haukwenda vizuri hivyo. Wiki ya pili ndoo ilinuka tena. Walinunua kamba Jumamosi, vichwa vikaingia kwenye ndoo, na gari la taka lilipita Jumanne. Kwa joto la pwani, vichwa vya kamba havihitaji siku tatu. Beking soda ile ya chini haikuweza kitu, maana vichwa vilikuwa juu, mbali nayo. Suluhisho likawa kuvifunga kwenye mfuko na kuviweka kwenye friza hadi asubuhi ya gari. Mama hakulipenda wazo la taka kwenye friza iliyomtesa hivyo, ila alikubali baada ya kuweka mifuko miwili na boksi lenye mfuniko.

## Uchambuzi

Kilichotatua kisa hiki ni maswali mawili, ya saa na ya mlango. Vitu vikuu vilikuwa vimeshatumika kabla yangu, isipokuwa bisibisi na beking soda halisi. Siki ilikuwepo, mkaa ulikuwepo. Vilifanya kazi kwenye rafu zisizonuka, wakati ute uko nyuma ya friji na maji yamesimama chini ya droo.

Beking pauda ilishindwa kwa sababu nyingine kabisa. Ndani yake kuna soda, lakini kuna pia asidi ya unga na wanga. Ikipata unyevu wa friji, asidi na soda humalizana zenyewe, kinachobaki ni wanga mwingi na chumvi. Dukani makopo hufanana, kwa hiyo soma: kwenye orodha ya viambato pawe na kitu kimoja tu, sodiamu bikaboneti. Magadi ya kupikia maharage nayo si mbadala. Ni alkali kali zaidi, na yatachafua alumini.

Hata beking soda halali ina mipaka. Haivuti harufu kutoka mbali. Hufanya kazi kwenye uso wake tu, pale hewa inapougusa, na ndiyo sababu kopo lililofunguliwa mdomo mdogo hufanya kidogo sana kulinganisha na sahani pana. Ukiona juu pameshikana ukoko, koroga au badilisha. Iliyotoka kwenye friji usiirudishe kwenye mandazi, imwage kwenye sinki.

Mkaa haubagui asidi wala alkali, kwa sababu hunasa chembe za harufu kwenye vitundu vyake. Hapo ndipo unapoishinda soda kwa shombo. Lakini vile vipande viwili vikubwa vya mwanzo vilikuwa na uso mdogo, na vilitoka barazani wakati wa mvua, vitundu vimeshajaa unyevu. Mkaa wa gunia ukipondwa na kukaushwa unasaidia. Mkaa ulioamilishwa kiwandani, kama ule wa vichujio vya maji, una vitundu vingi zaidi na hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Wa gunia unaweza kuufufua kwa kiasi kwa kuuanika juani kila baada ya wiki mbili tatu. Wengine huupasha kwenye kikaango. Ukifanya hivyo, fanya nje, na usiuache ushike moto.

Kuna hali moja ambayo hatua zote hizi hazitoshi. Kuta za friji zina povu la kuzuia joto, na kama maji ya nyama yamepenya kwenye ufa wa plastiki hadi ndani ya povu, hakuna njia ya kuyafikia bila kuibomoa friji. Utajua hivi: karatasi za kila sehemu hazinuki, trei ni safi, tundu linapitisha maji, friji imekaa wazi siku mbili bila umeme, lakini ukifunga mlango kwa saa chache na kufungua, uvundo uko pale pale, na unazidi karibu na mwanya fulani wa ukuta. Kwenye nyumba hii niliukagua mshono wa sakafu ya friza kwa tochi na kucha kwa sababu hiyo, na ulikuwa mzima.